Shairi la Kumsifu Bwana Mudrik

Mtaa wa Msufi Mmoja, upande wa Kikwajuni, ulikuwa na watu wawili wenye sauti. Wa kwanza alikuwa Bwana Mudrik, mwenyekiti wa kamati ya kisima, ambaye akizungumza barazani kwake anasikika mpaka kwa muuza mkaa. Wa pili alikuwa Mwatima binti Machano, mshona kofia, ambaye hakuwa na makelele hata chembe, lakini akifungua kinywa kughani, hata wanaokaanga mihogo hupunguza moto.

Mwatima alizaliwa Tumbatu, akaja mjini kwa kuolewa, akafiwa na mume, akabaki na chumba, kiti cha kamba na sindano zake. Kutwa alikaa mlangoni akitoboa vitundu vya viua kwenye kitambaa cheupe na kuvizungushia uzi, kimoja baada ya kimoja. Mikono ikishughulika, mdomo huimba. Shule aliishia darasa la saba, lakini mashairi aliyahifadhi kama watu wengine wanavyohifadhi nambari za simu. Palipokuwa na harusi, hitima au mgeni wa kukaribishwa, walimfuata yeye. "Bi Mwatima, tupambie shughuli." Naye hujipamba kwanza yeye, akenda.

Basi mwaka huo Bwana Mudrik alitimiza miaka kumi na mmoja katika uenyekiti, na wazo likapita kwamba aenziwe. Wazo lilitoka kwa nani, hakuna aliyejua kwa yakini, ingawa wengi walilisikia kwa mara ya kwanza kwenye baraza ya Bwana Mudrik mwenyewe. Biasha, karani wa kamati, mwanamke mwepesi wa miguu na mzito wa kukasirika, akapewa kazi ya kutafuta shairi. Akenda kwa Ahmada, fundi saa mwenye kibanda nyuma ya Darajani, mtunzi ambaye kwa kawaida huombwa mara tatu, hukataa mara mbili, na mara ya tatu hudai yu mgonjwa. Safari hii alikubali papo hapo.

"Nlifurahi," Biasha alisema baadaye. "Ningekuwa na akili ningeogopa."

Alhamisi asubuhi akamletea Mwatima karatasi. "Shoga, shughuli Jumamosi baada ya laasiri, pale penye uwanja wa kisima. Mahadhi chagua mwenyewe."

Mwatima akaiweka karatasi gotini, akaisoma huku sindano inakwenda. Ubeti wa kwanza ulimpendeza tangu mstari wa kwanza:

*Leo twakupa heshima, kwa moyo uliotua,*
*Mlinda chetu kisima, mkongwe twakutambua,*
*Kauli yako ni njema, kila mja huijua,*
*Mudiriki ndiye wetu, mwingine wa nini tena?*

"Kalirefusha jina apate mizani," akacheka peke yake. "Mudrik kawa Mudiriki. Hodari huyu." Akahesabu kwa vidole: nane, pumzi, nane. Kibwagizo nacho kilikaa vizuri kinywani. Mwingine wa nini tena? Yaani tukiwa naye huyu, wa nini mwingine? Akachagua mahadhi ya kumtoa bi harusi chumbani, yale ya polepole yenye kunesanesa, akaendelea na ubeti wa pili.

*Ahadi zako ni tamu, halua haifikii,*
*Hurejea kwa msimu, wala hazitukimbii,*
*Twazilamba kwa nidhamu, bado hazituishii,*
*Mudiriki ndiye wetu, mwingine wa nini tena?*

Aliuimba mara mbili, akaona raha ya ile halua. Akaingia wa tatu.

*Una subira ya jiwe, kilio hakikupati,*
*Mitungi ikaukiwe, roho yako haisuti,*
*Hodi hata upigiwe, usingizi huukati,*
*Mudiriki ndiye wetu, mwingine wa nini tena?*

Hapo sauti ikakwama. Haikukwama kwa ugumu wa noti. Ilikwama kama mtu anayepanda ngazi akakuta kipandio kimoja hakipo. Akarudia. Ikakwama tena pale pale. Mahadhi yalikuwa yanamnesanesha bi harusi, na maneno yalikuwa yanamkanyaga mguu.

Mwatima akaweka kofia chini, jambo asilolifanya mchana.

"Subira," akasema kwa sauti. "Subira ya nani?"

Maana mtu mwenye subira ni yule anayeumia akanyamaza. Hapa walioumia ni wenye mitungi. Aliyenyamaza ni mwingine. Basi subira gani hiyo? Na ya jiwe! Jiwe halisubiri. Jiwe halisikii tu.

Akagundua jambo jingine, na hili alilipata kwa pumzi, si kwa kusoma. Kila mstari ulikuwa na vipande viwili, na katikati pana pumziko la mghani. *Una subira ya jiwe*, unavuta pumzi, watu wanatikisa vichwa, kweli mtu ana subira. Halafu, *kilio hakikupati*. Kipande cha kwanza kinatoa, cha pili kinanyang'anya. Mkono wa kulia unampa mtu kikombe cha chai, wa kushoto unamwaga.

Akarudi nyuma kwenye ubeti wa pili kuangalia kama na huko alikuwa amepita bila ya kutazama chini. Ahadi tamu kuliko halua. Sawa. Hurejea kwa msimu, wala hazitukimbii. Mwatima akapiga paja. Ahadi iliyotimizwa hairejei! Ikishatimizwa imekwenda zake, inaitwa tangi, inaitwa bomba. Inayorejea kila msimu, kama embe, ni ile ambayo haijatimizwa. Na watu wanailamba tu, hakuna aliyeshiba. "Kwa nidhamu," akasema, akaanza kucheka. "Wallahi, kwa nidhamu!"

Alicheka mpaka jirani akauliza kulikoni. Mwatima akajibu kwamba ni kofia.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi, na hakuna mtaani asiyeyajua. Mashine ya kisima hupandisha maji kwenye tangi, na tangi ndilo linalogawa kwa nyumba zote. Lakini bomba la kwenda kwa Bwana Mudrik lilitolewa kabla ya tangi, kwenye mpira mkuu unaotoka mashineni, "kwa muda tu", miaka saba iliyopita. Mashine ikichoka, tangi hubaki kavu, lakini kwake hayakosi kutona. Kila mwaka aliahidi kulihamisha bomba na kubadilisha mashine. Kila mwaka alisema vizuri sana.

Ubeti wa nne sasa Mwatima aliuendea kama anayefungua sufuria ya mwenzake.

*Ua wako ni wa heri, mawaridi yachanua,*
*Jua kali la dhuhuri, kwako wewe huwa mvua,*
*Bomba lako ni hodari, nasi mlio twajua,*
*Mudiriki ndiye wetu, mwingine wa nini tena?*

Hapa akaona jinsi mtunzi alivyokuwa akiusogeza mlango taratibu. Ubeti wa kwanza kisima kilikuwa *chetu*. Wa nne ni ua *wako*, bomba *lako*, mvua *kwako wewe*. Na "sisi" tumebaki na nini? *Mlio*. Tunalisikia likitiririka. Tena hasifiwi mtu hapa, limesifiwa bomba lake. Kibwagizo nacho, neno kwa neno lile lile, kilikuwa kimegeuka ladha. Mara ya kwanza kiliuliza kama mtu anayejivunia. Sasa kiliuliza kama mtu aliyekwisha kuumwa na nyuki mmoja anapoulizwa kama anataka na wa pili.

Ukabaki wa tano.

*Twakuombea makazi, ya raha na pumziko,*
*Umeshachoka na kazi, upumue huko huko,*
*Ndoo tupu ziko wazi, zaimba majina yako,*
*Mudiriki ndiye wetu, mwingine ni lini tena?*

Mara ya kwanza alisoma kwa mazoea, "wa nini tena". Jicho lilikuwa limeshaujua mstari, halikuutazama. Mara ya pili kidole kikamsimamisha. *Ni lini*. Ahmada alikuwa amebadilisha vijineno viwili tu. Mara nne aliuliza mwingine wa nini, ya tano akauliza mwingine lini.

Mwatima akaikunja karatasi, akaitia kwenye kopo la nyuzi, akafunga kifuniko kama ametia nge.

Kucheka kukaisha, hofu ikaingia. Karatasi haina uso. Jumamosi uso utakaosimama mbele ya watu ni wake yeye, na Bi Nadra, mke wa Bwana Mudrik, ni mteja wake wa kofia tangu alipokuja mjini, tena mtu mwema asiye na hatia ya bomba. Mwatima akaitoa karatasi koponi, akajitanda kanga, akenda Darajani.

Ahmada alikuwa ameegemea meza, kioo cha kukuzia kimembana jichoni, anafukua tumbo la saa.

"Bwana Ahmada, umenitafutia nini mie?"

"Karibu, Bi Mwatima. Nimekutafutia nini tena? Nimemsifu mtu."

"Umemvisha kilemba cha ukoka."

"Nionyeshe neno moja la tusi humo. Moja tu, nikupe kibanda."

Mwatima akafungua karatasi, akatafuta. Heshima si tusi. Halua si tusi. Subira, heri, mawaridi, raha. Maneno yote yalikuwa masafi kama nguo za Idi.

"Neno hakuna," akakiri. "Lakini yakikaa pamoja yanatukana."

Ahmada akatoa kioo jichoni, akamtazama kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye mzigo wake umefika. "Umeingilia wapi?"

"Kwenye subira. Sauti ilikataa."

"Ehe. Na mimi ndipo nlipoweka kizingiti. Nimegeuza na vina pale. Wa kwanza wote *ma* na *ua*, laini kama ute. Wa tatu nikatia *ti, ti, ti*, mtu ajikwae."

"Na mimi nifanye nini, nikonyeze jicho? Nibane pua?"

"Usithubutu!" Ahmada aliinuka kabisa. "Ukikonyeza umeniua. Kijembe kikishaambiwa 'mimi kijembe', kinakuwa kisu cha jikoni. Wewe msifu. Msifu kama unamtoa bi harusi. Utamu wa sauti yako na ukavu wa maneno yangu, ule mwanya baina yao ndio utakaosema. Anayetaka kusikia atasikia."

"Na asiyetaka?"

"Atafurahi. Hasara iko wapi?"

Mwatima akakaa kwenye kiti cha wateja. Kitu kilimkera bado. "Ule ubeti wa kwanza nao? Nimeugeuza juu chini, sijaona mwiba."

Ahmada akarudi kwenye saa yake. Alipuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Huo hauna mwiba," akasema. "Huo ni wa kweli. Wewe hukuwepo bado. Kisima kilipoporomoka, mafundi walikataa kuingia. Mudrik alivua shati, akashuka mwenyewe kwa kamba, akakaa chini kutwa akipandisha udongo kwa ndoo. Alipotoka hatukumjua uso. Tukampa uenyekiti siku ile ile, na mimi nilinyoosha mkono wa kwanza." Akasita. "Ningekuwa namchukia ningemtungia tusi, Bi Mwatima. Tusi halihitaji mizani."

Mwatima akarudi nyumbani kwa miguu, hana haraka. Sasa shairi lilikuwa limebadilika tena mkononi mwake. Asingejua kuwa ubeti wa kwanza ni wa kweli, angeuona wote ni mchezo wa kumcheka mtu. Kumbe lilikuwa linashuka: linaanza na mtu aliyependwa, linateremka ubeti kwa ubeti mpaka kwenye ndoo tupu. Anayeuchukua wa kwanza kuwa ni kejeli, kapotea sawa na anayeuchukua wa nne kuwa ni sifa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Kulikuwa na viti vya plastiki mbele, mikeka nyuma, kahawa na kashata, na Bwana Mudrik katikati amevaa kanzu mpya na kofia aliyoishona Mwatima mwenyewe. Bi Nadra alikuwa pembeni yake, mtulivu. Ahmada alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na njia ya kutokea.

Mwatima akasimama, akaanza. Ubeti wa kwanza aliutoa kwa moyo wote, kwani ulikuwa wa kweli, na wazee wawili waliokuwepo siku ya kamba wakafuta macho. Bwana Mudrik naye akainamisha kichwa.

Wa pili, *halua haifikii*, watu wakatabasamu. *Hurejea kwa msimu*, na hapo, kwenye mikeka ya nyuma ambako wamekaa wanawake wanaobeba ndoo, kukatoka sauti ndogo kama ya mtu aliyepaliwa na kashata. Mwingine akamtazama. Mwanamke wa tatu akajifunika kanga usoni. Mwatima akaendelea bila ya kukunja hata kope. *Una subira ya jiwe*, akavuta pumzi, viti vya mbele vikatikisa vichwa. *Kilio hakikupati*. Viti vya mbele bado vilikuwa vinatikisa vichwa, maana kichwa kikishaanza hakisimami mara moja, lakini shingo za wengine zikaganda njiani.

Kicheko kilikuwa kinakuja kama maji yanayopanda ngazi, kutoka mikekani kwenda vitini, safu baada ya safu. Kilisimama kwenye safu moja kabla ya Bwana Mudrik. Yeye alikuwa anaona nyuso zinang'ara akadhani ni furaha. Ilipofika mawaridi, hakuweza kujizuia.

"Hapo hapo, Bi Mwatima!" akapaza sauti. "Rejea hapo hapo penye ua wangu!"

Mwatima akamtazama Biasha. Biasha akatazama mbingu. Mwatima akarejea. *Bomba lako ni hodari*, akaimba, tamu kuliko mara ya kwanza, *nasi mlio twajua*, na wanawake wote wa mikekani wakaitikia kibwagizo kwa pamoja, bila ya kuambiwa, wakivuta ile "nini" mpaka ikawa ndefu kama foleni ya maji. Bwana Mudrik alipiga makofi. Bi Nadra hakupiga. Alikuwa anamtazama Mwatima moja kwa moja, na Mwatima akajua kwamba huyu amefika.

Ukaja mstari wa mwisho, na hapo Mwatima alikuwa na njia mbili. Watu wameshazoea "wa nini". Angeteleza nayo tu, kila mtu angekwenda nyumbani salama, Ahmada angeuma kidole huko nyuma. Alivuta pumzi kwenye pumziko la katikati, ndefu kuliko zote. Akaona ndoo mbili mbele ya miguu ya mwanamke mmoja, maana wengine walikuja na ndoo zao moja kwa moja, huenda mashine ikaamka. Akatamka, taratibu, kila silabi na nafasi yake:

"Mwingine, ni, lini, tena?"

Waliokuwa wamejiandaa kuitikia "wa nini" wakajikwaa. Wengine walisema "nini", wengine "lini", na baina ya nini na lini ukaingia ukimya ambao hata kuku wa jirani waliusikia. Biasha akaruka na kigelegele kirefu, wenzake wakamfuata, kahawa ikamiminwa, na shughuli ikaokoka.

Bwana Mudrik alimfuata Mwatima, akaiomba karatasi. "Hii nitaitia fremu," akasema. Na kweli akaitia. Jumatatu ilikuwa inaning'inia barazani, juu ya kiti chake, chini ya saa.

Wiki mbili zilizofuata Bwana Mudrik alipata wageni kuliko wakati wowote wa maisha yake. Watu waliokuwa hawamtembelei hata Idi walipita kutoa salamu, wakasimama mbele ya fremu, wakasoma, wakatikisa mabega, wakaaga haraka. Mmoja alisoma mpaka ubeti wa tatu, akaomba radhi akakimbilia nje kukohoa. Bwana Mudrik aliwaambia wote, "Someni, someni, jisikieni nyumbani."

Siku ya kumi na sita, saa nne asubuhi, Mwatima aliona kivuli kimeangukia kofia yake. Bwana Mudrik alikuwa mlangoni, ameibeba fremu kwapani.

"Asalaam alaykum, Bi Mwatima."

"Wa alaykum salaam. Karibu, Bwana Mudrik." Sindano ikamchoma kidole.

Akakaa kwenye kizingiti, mtu mzima na kanzu yake. "Jana usiku nilimwambia Nadra anisomee. Akakataa. Akasema, 'Kamwombe aliyelighani, na mwambie asiimbe.' Basi nnakuomba. Nisomee bila ya kuimba."

Mwatima akasoma. Bila ya mahadhi shairi lilikuwa kama chumba kilichoondolewa mapazia. Akasoma *una subira ya jiwe*, akapumzika pale panapopumzikwa, akasoma *kilio hakikupati*. Alipofika kwenye bomba, yule bwana akajifunika uso kwa viganja, na Mwatima akamwonea huruma asiyoitarajia.

"Na mimi nlisema rejea hapo hapo," akasema kutoka ndani ya viganja.

"Ulisema."

"Nikapiga makofi."

"Ulipiga, Bwana Mudrik. Vizuri sana."

Mabega yake yakatikisika. Mwatima alidhani analia. Kumbe ni kicheko, kile cha mtu aliyejikwaa peke yake akatazama nyuma kuona kama yupo aliyemwona. Kilipokwisha, uso wake ulikuwa mwekundu.

"Nikuulize moja, unijibu haki. Ubeti wa kwanza. Nao wananicheka?"

"La. Ule soma kama ulivyo."

"Una hakika gani?"

"Beti nyingine zote, kipande cha pili kinakiuma cha kwanza. Ule vipande vyote viwili vinasema jambo moja. Na nimemuuliza aliyetunga. Alisema siku ya kamba mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wake."

Bwana Mudrik akaitazama ile fremu muda mrefu. "Ahmada?" akauliza. "Ahmada alisema hivyo?" Halafu akainuka, akapangusa kanzu, akaenda zake bila ya kuaga. Kwa mtu wa mjini hiyo ni kasoro kubwa, na Mwatima alimsamehe.

Ijumaa mafundi walikuja, na bomba la kwa Bwana Mudrik likakatwa kwenye mpira mkuu likaungwa baada ya tangi, kama la kila mtu. Yeye mwenyewe alishika koleo, akatoa jasho, akawapa mafundi amri ambazo hawakuzihitaji. Mashine mpya ilichukua mwezi mzima. Mawaridi mawili yalikufa.

Kwenye mkutano wa kamati alisimama akasema kuwa amejibu shairi. Akatoa karatasi, akasoma:

*Mmeniuliza lini, mwingine nitawapeni,*
*Nawajibu waungwana jawabu lenu ni leo,*
*Mimi napumzika na Biasha ndiye mkubwa wenu,*
*Mudiriki kasikia, nanyi punguzeni maneno!*

Mizani ilikuwa imekatika viungo, vina vimetawanyika kila kimoja kwao. Ahmada, aliyekuja kukaa safu ya mbele safari hii, alifumba macho kwa uchungu mstari wa tatu ulipopita. Lakini alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Biasha alichaguliwa, akakataa, akachaguliwa tena, akakubali kwa hasira.

Fremu Bwana Mudrik hakuishusha. Alisema ni shairi zuri, na sasa akiwa na wageni huwasomea yeye mwenyewe, akipumzika panapotakiwa, na ole wake anayecheka kabla ya ubeti wa pili.

Kwa Mwatima mambo yaliharibika kidogo. Kofia alikuwa anamaliza moja kwa wiki tatu, sasa inampita mwezi, kwa sababu watu hawampi nafasi. Wanamletea karatasi. Mwalimu mkuu aliyesomewa shairi la kumuaga alikuja kutoka Jang'ombe kuuliza kwa nini wamemfananisha na mnara wa taa. Mama mmoja alileta shairi la harusi lililomsifu kwa "mkono mwepesi jikoni". Juzi alikuja bwana harusi mtarajiwa, jasho linamtoka, kashika simu, na ndani yake ubeti aliotumiwa na mkwewe.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba, mwanangu."

"Nambie haki yangu. Huyu kanisifu, au kanitukana?"

Mwatima akaipokea simu, akaiweka mbali kidogo na macho, akasoma mstari wa kwanza mpaka kwenye pumziko. "Hapa kakusifu," akasema. "Kaa kitako. Hatujafika kipande cha pili."